Breki ya Mkono: Mambo Tuliyojifunza Pamoja na Madereva wa Bodaboda

Kikundi chetu cha kujitolea hukutana na madereva wa bodaboda jijini Dar es Salaam siku za Jumapili asubuhi, wakati barabara zimetulia na abiria ni wachache. Tumezungumza nao mambo mengi, lakini lililotushughulisha kuliko yote ni hili la breki ya mbele, ile inayoshikwa kwa mkono wa kulia. Madereva wengi wazoefu hawaitumii kabisa, na sababu wanazotoa ni za kweli: kila kijiwe kina habari ya mtu aliyeishika ghafla akarushwa juu ya usukani.

Nami niliiogopa. Kwa miaka sita niliyobeba abiria nilitegemea breki ya mguu peke yake, hadi jioni moja daladala iliyokuwa mbele yangu iliposimama ghafla kupakia watu. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, gurudumu la nyuma likaacha kuzunguka, pikipiki ikaserereka kiubavu, na mama niliyekuwa nimembeba akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Nilipompelekea fundi pikipiki siku ya pili, alijaribu breki ya mbele akakuta haishiki. Waya wake ulikuwa umeganda kwa kutu ndani ya ala yake, kwa kuwa nilikuwa sijaugusa kwa miezi mingi. Kwa hiyo hata kama ningeikumbuka jioni ile, isingenisaidia.

Sababu ya breki ya mbele kuwa na nguvu zaidi unaweza kuihisi mwenyewe. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito mwingi huhamia mbele: shokapu za mbele huzama, mikono yako hulemewa, na abiria hukuegemea mgongoni. Wakati huohuo gurudumu la nyuma hubaki jepesi, halikandamizi lami vya kutosha, na ndiyo maana ukilikanyagia breki sana hujifunga na kuanza kuteleza. Tairi linaloteleza hushika barabara kwa nguvu ndogo kuliko tairi linaloendelea kuzunguka, na juu ya hayo huyumba likitafuta kupita upande. Gurudumu la mbele, kwa upande wake, linazidi kushika kadiri uzito unavyolifikia, lakini uzito huo huchukua muda mfupi kufika. Hapo ndipo ajali za kurushwa au kuanguka zinapotokea: mkono umebana kabla uzito haujafika.

Tulipima jambo hili kwenye eneo la lami lisilopitiwa na magari. Tulichora mstari kwa chaki, tukawaomba madereva waufikie kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, bila abiria, na waanze kushika breki hapohapo kwenye mstari. Dereva mmoja mwenye uzoefu wa miaka minne alisimama baada ya mita 18 alipotumia breki ya mguu pekee. Alipotumia zote mbili mara ya kwanza alisimama karibu na mita zilezile 18, kwa kuwa mkono wake uliogopa na ulibana kidogo tu. Alirudia mara sita, kila mara akiongeza nguvu ya mkono kidogo, na mara ya mwisho akasimama kwenye mita 11. Mita saba alizookoa zinazidi urefu wa daladala ndogo.

Namna ya kubana ndiyo yenye kazi, na tunaifundisha kwa kulinganisha na kukamua chungwa: huanzi kwa nguvu zote, unashika kwanza, kisha unaongeza. Funga gesi, gusa breki ya mguu, na wakati uleule anza kuvuta ya mkono taratibu hadi usikie shokapu za mbele zimezama. Zikishazama, uzito umefika, na sasa unaweza kubana zaidi. Yote haya hayazidi sekunde moja mkono ukishazoea. Bana tangi kwa magoti ili mwili usiegemee usukani, tazama mbali badala ya kutazama gurudumu, na uvute klachi mwishoni tu unapokaribia kusimama, kwa sababu injini nayo inakusaidia kupunguza mwendo. Ukisikia gurudumu la mbele limeanza kuteleza, legeza mkono mara moja kisha ushike upya kwa upole. Anza mazoezi kwa kilomita 20 kwa saa, mahali patupu, ukiwa peke yako na kofia ngumu ikiwa imefungwa mkanda, na uongeze mwendo pale tu mkono unapotulia.

Ukiwa na abiria, mambo hubadilika. Gurudumu la nyuma hupata uzito zaidi, hivyo breki ya mguu inafaa zaidi kidogo kuliko ukiwa peke yako, lakini mzigo wa kusimamisha umekuwa mkubwa na umbali wa kusimama unarefuka. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa pikipiki hupita karibu mita 14 katika sekunde moja, kabla hata hujagusa breki. Kwa hiyo nyuma ya daladala, ambako kusimama ghafla ni kawaida, tunawashauri wenzetu waache nafasi ya sekunde mbili hadi tatu na waweke vidole viwili juu ya breki ya mkono wakisubiri.

Ziko sehemu ambazo breki ya mbele inataka upole mkubwa, na huenda hofu ya zamani ilianzia huko. Kwenye mchanga uliotanda juu ya lami, kwenye kokoto, juu ya michoro myeupe ya barabara ikiwa imelowa, na wakati pikipiki imelala kwenye kona, gurudumu la mbele hupoteza mshiko haraka na halikupi muda wa kusahihisha. Punguza mwendo kabla ya kufika hapo, pikipiki ikiwa imesimama wima na kwenye lami safi. Mvua inapoanza kunyesha baada ya siku nyingi za jua, dakika za mwanzo ndizo zenye utelezi mkubwa, kwa kuwa maji huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika.

Kuhusu matunzo, pikipiki nyingi za biashara zina breki za waya zenye vipande viwili vinavyotanuka ndani ya habu ya gurudumu. Kila asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, sukuma pikipiki kwa mkono na ubane breki ya mbele: gurudumu lisimame na shokapu zizame. Mkono wa breki uwe na mchezo wa takribani sentimita 2 kwenye ncha yake kabla ya kuanza kushika. Ukizidi, kaza nati ya waya, kisha inua gurudumu na ulizungushe kuhakikisha halikwaruzi. Kwenye pikipiki nyingi kuna mshale mdogo karibu na mkono wa chuma ulio kwenye habu. Ukibana breki na mshale ukafika kwenye alama ya mwisho, vile vipande vimekwisha, na kuendelea kukaza nati hakutasaidia tena. Waya ulioanza kukatika nyuzi ubadilishwe siku hiyohiyo. Mafuta yawekwe ndani ya ala ya waya peke yake, yasifike kwenye habu. Na ukipita kwenye dimbwi refu, tembea polepole huku umeshika breki zote mbili kidogo hadi usikie zimeanza kushika tena, kwani maji yaliyoingia ndani ya habu yatakauka kwa joto la msuguano huo.