Umepewa makala nne za jarida, nadharia na pengo la utafiti unavitoaje?

Wengi wanaanza na ikisiri kisha wanasoma mpaka mwisho, wanapaka rangi kila sentensi, halafu wakitaka kuandika hawana kitu cha kushika. Mimi siku hizi naanzia kwenye mbinu na dodoso, maana utangulizi unaweza kutaja nadharia tatu kwa mpigo lakini kilichopimwa ndicho kinachokuambia ipi imefanya kazi kweli.

Chukulia umepewa makala nne kuhusu wanafunzi na masomo ya mtandaoni. Ya kwanza inasema wazi imetumia TAM, ile modeli ya Davis ya 1989 inayoeleza kwa nini watu wanakubali kutumia teknolojia. Ya pili haitaji nadharia yoyote, ila ukifungua dodoso unakuta maswali kama "mfumo huu unanisaidia kusoma vizuri zaidi" na "ni rahisi kuutumia", basi hiyo ni TAM ileile, manufaa na urahisi kwa macho ya mtumiaji. Ya tatu inauliza pia kama watu wa karibu wanamhimiza mwanafunzi autumie na kama ana vifaa na msaada, hapo umeshaingia UTAUT, nadharia pana zaidi ya kukubali teknolojia ya Venkatesh na wenzake, 2003. Ya nne inaisifia TAM utangulizi mzima, halafu kwenye vipimo manufaa na urahisi havipo kabisa! Hiyo usiiandike kwamba "imeongozwa na TAM", sema imeitaja tu, na supavaiza makini atapenda umeliona hilo.

Sasa pengo. Lile lililoandikwa kwenye utangulizi wa makala usilibebe kama lako, hilo mwandishi keshajaribu kuliziba yeye mwenyewe kwenye utafiti huohuo. Nenda kwenye mapungufu ya utafiti kule mwishoni, alafu chora jedwali, kila makala mstari wake, safu ziwe nadharia, nani kahojiwa, kimepimwa nini, data ilikusanywaje. Ukimaliza soma kwa kushuka chini safu kwa safu, usisome kwa kwenda pembeni. Tuseme safu ya kipimo inasema nia ya kutumia, nia, nia, nia, na zote nne zimetumia dodoso la mara moja. Hakuna hata mmoja aliyeangalia kama hao wanafunzi waliingia kwenye mfumo kweli, na nia ya mtu na anachofanya ni vitu viwili tofauti, kwa hiyo hapo una kitu cha kuandika.

"Haijafanyika kwenye chuo chetu" peke yake bado ni hoja dhaifu, labda uonyeshe kitu gani cha huko kinaweza kubadilisha matokeo.

Na makala nne haziwezi kuthibitisha kwamba hakuna aliyefanya, kwa hiyo ingia Google Scholar, bonyeza "Cited by" chini ya kila makala uone waliokuja baadaye. Ukikuta mtu ameshatumia rekodi za kuingia kwenye mfumo, soma yake, angalia kaishia wapi, na sentensi yako ianze hivi: "Katika makala zilizopitiwa hapa..."