Kumvisha mteja hereni kwenye picha yake: kipimo, kivuli na mmeto

Mteja anayetuma picha yake na kuuliza hereni fulani itamkaaje, jambo la kwanza analotaka kujua ni ukubwa. Je, itaishia kwenye taya au itashuka hadi katikati ya shingo? Kwa hiyo usianze na rangi wala kivuli. Anza na kipimo, nacho kimo ndani ya jicho lake.

Lile duara la rangi linalozunguka mboni, kwa mtu mzima, lina upana wa milimita 11.7 hivi, na tofauti kati ya mtu na mtu ni ndogo sana. Fungua picha kwenye Photoshop, GIMP au Photopea, ikuze mpaka jicho lijae kwenye skrini, kisha pima duara hilo kutoka kushoto kwenda kulia. Usipime kutoka juu kwenda chini, kwa sababu kope hufunika sehemu yake. Mteja awe anaitazama kamera moja kwa moja, maana akitazama pembeni duara linaonekana jembamba na hesabu yote inaharibika. Akiituma kwa WhatsApp, aitume kama faili la dokumenti, kwa kuwa picha ya kawaida hubanwa na ukingo wa duara huvurugika.

Tuchukue hereni ya dhahabu ya kuning'inia yenye urefu wa milimita 42, na selfi ambayo duara la jicho lina pikseli 70. Ukigawanya 70 kwa 11.7 unapata karibu pikseli 6 kwa kila milimita, yaani hereni ya pikseli 252. Wengi huishia hapo, na hereni inatoka kubwa kuliko ilivyo. Sababu ni kwamba sikio liko nyuma ya jicho kwa kama sentimita 10, na kitu kilicho mbali zaidi na kamera huonekana kidogo zaidi. Simu ikishikwa kwa urefu wa mkono, jicho liko sentimita 50 hivi kutoka kwenye kamera na sikio liko 60. Gawanya 50 kwa 60, zidisha na zile pikseli 6, unapata pikseli 5 kwa milimita. Hereni sasa ni pikseli 210. Picha ingepigwa na mtu mwingine aliyesimama mita 2, tofauti ingekuwa ndogo: 200 kwa 210, na hereni ingepungua kwa asilimia 5 tu. Ndiyo maana ni vizuri kuuliza picha ilipigwaje. Kisha hakikisha kwa sikio lenyewe: sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 6 hivi, kwa hiyo hereni hii inapaswa kuwa kama theluthi mbili yake. Ikiwa imelingana na sikio zima, rudi kwenye hesabu.

Picha ya hereni yenyewe ipigwe ikiwa inaning'inia kwenye uzi, si ikiwa imelazwa mezani. Hereni iliyolazwa husambaa na viungo vyake hukaa mahali ambapo uzito wake usingeviruhusu. Weka karatasi ya kijivu nyuma yake, kwa sababu dhahabu huakisi kila kilicho karibu, na karatasi nyeupe huacha ukingo mweupe usiotoka hata ukate kwa uangalifu gani. Piga kadhaa huku ukiizungusha kidogo kidogo. Mtu anapotazama mbele, ndewe zake hutazama pembeni, hivyo hereni bapa huonekana kwa ubavu na siyo uso mzima. Hereni inayoonyesha uso wake wote pembeni mwa shavu hugundulika mara moja kuwa imebandikwa.

Unapoiweka, kumbuka kwamba hereni ya kuning'inia hufuata ardhi, haifuati kichwa. Mteja akiinamisha kichwa, sikio linainama lakini hereni inabaki wima. Kipini kilichobana ndewe ndicho kinachoinama pamoja na sikio. Futa sehemu ya kulabu inayopita nyuma ya ndewe, na rudisha juu ya hereni nywele zote zinazopaswa kuifunika.

Sasa kivuli. Tazama nukta ya mwanga ndani ya macho: inakuonyesha mwanga unatoka upande gani, na umbo lake linakuambia kama ni dirisha au balbu. Nukta ikiwa juu kushoto, kivuli kinaanguka chini kulia. Hereni ya sikio la kushoto mwa picha itatupa kivuli kwenye taya na shingo, lakini ya kulia kivuli chake kitakwenda nje, pengine kisiguse ngozi kabisa. Kunakili hereni moja na kuigeuza kwa ajili ya sikio la pili ni kosa linaloonekana haraka, kwa sababu vivuli na mimeto yote hugeuka nayo.

Ulaini wa kivuli unaweza kuuhesabu. Dirisha la upana wa mita 1 lililo umbali wa mita 2 ni nusu ya umbali huo. Hereni ikiwa milimita 15 kutoka kwenye ngozi, ukingo wa kivuli hufifia kwa nusu ya 15, yaani milimita 7 na nusu, karibu pikseli 37. Kwa Gaussian Blur, anza na 10 hadi 12. Balbu ya sentimita 6 katika umbali huohuo inatoa ukingo wa nusu milimita tu, pikseli 2. Pale hereni inapogusa ngozi ongeza kivuli kingine chembamba na kizito, kwa sababu hapo ukingo haupati nafasi ya kufifia.

Tabaka la kivuli liwe kwenye Multiply, na rangi yake ichukuliwe kutoka kwenye kivuli kilichopo tayari chini ya kidevu. Nyeusi tupu huifanya ngozi ionekane chafu, maana mwanga huingia ndani kidogo ya ngozi na kutoka na wekundu.

Kwa ngozi nyeusi kuna hatua moja zaidi, na ndiyo inayosahaulika mno. Ngozi hiyo huonyesha umbo lake zaidi kwa mng'ao, na hereni inapokinga mwanga, kinachopotea kwanza ni huo mng'ao. Multiply huupunguza tu, kwa hiyo ukanda unaong'aa unabaki ukipita katikati ya kivuli kana kwamba hakuna kilichoukinga. Fungua tabaka jingine la Darken chini ya lile la kivuli, chukua rangi ya ngozi kando ya mng'ao, kisha upake taratibu ndani ya eneo la kivuli. Darken hugusa pikseli zilizo angavu kuliko rangi hiyo pekee, hivyo mng'ao unazimika na ngozi iliyobaki haibadiliki.

Mimeto ni kazi fupi ikiwa hereni ilipigwa picha kwa mwanga wa upande uleule. Usitumie brashi ya nyota. Mmeto wa dhahabu una rangi ya dhahabu, na ni kiini chake tu kinachofika weupe. Ukiupaka mweupe wote, hereni inageuka bati. Upande unaoelekea shingo upake rangi ya ngozi kwa Opacity ya asilimia 15 hadi 25, kwa sababu dhahabu iliyo karibu na shingo huiakisi.

Mwisho, kuza picha na ulinganishe ukingo wa hereni na nywele zilizo kando ya sikio. Selfi mara nyingi ni kali kwenye macho na laini masikioni. Hereni ikiwa kali kuliko nywele hizo, ipe Gaussian Blur ya 0.5 hadi 1, na kama ngozi ina chenga, ipe nayo chenga kidogo kwa Add Noise.