Wiki sita za mapambo ya harusi, zikihesabiwa kutoka mwisho

Vijana wanaojiunga nami kujifunza upambaji hapa Dodoma huja na daftari ambalo ukurasa wake wa kwanza umeandikwa "kununua vitambaa". Huwaambia waufungue ukurasa wa mwisho, waandike saa ambayo ukumbi unatakiwa uwe mtupu, kisha warudi nyuma. Kilichonifundisha hivyo ni harusi ya watu 250, iliyofanyika Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti katika ukumbi ulioko si mbali na katikati ya mji, na ndiyo nitakayoieleza hapa.

Kamati ya harusi ilinijia wiki sita kabla ya siku yenyewe. Mwenyekiti wao alitaka tuzungumzie rangi, lakini mimi niliomba kwanza tumpigie simu msimamizi wa ukumbi, nikamuuliza maswali matatu: Ijumaa usiku kuna nani, Jumapili asubuhi kuna nani, na mlango unafunguliwa saa ngapi. Ijumaa kulikuwa na sendofu ya watu wengine, na Jumapili saa tatu asubuhi ukumbi ulikuwa umekodiwa kwa ibada. Kwa hiyo tusingeweza kuingia kabla ya saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi, na tulipaswa kuwa tumeondoa kila kitu usiku uleule. Mtu wa muziki alitaka ukumbi uwe kimya na bila ngazi kuanzia saa tisa alasiri ili ajaribu spika zake. Tulibaki na saa tisa za kazi, na ndizo zilizoamua tununue nini, tushone nini na tuwe watu wangapi. Kama tungeingia Ijumaa mchana, ningekubali mapambo ya dari yaliyo magumu zaidi. Yale niliyakataa palepale, na kamati ilinuna kidogo.

Wiki hiyohiyo ya kwanza nilikwenda ukumbini na futi ya chuma. Usipokee vipimo kwa simu, kwa sababu msimamizi atakutajia ukubwa wa ukumbi, ambapo wewe unahitaji urefu wa kutoka sakafu ya jukwaa hadi mahali unapoweza kufunga kamba, pamoja na mahali soketi za umeme zilipo. Rangi nayo huthibitishwa kwa kipande cha kitambaa kilichobanwa kwenye karatasi na kusainiwa na bibi harusi au dada yake. Picha ya simu haitoshi, kwa sababu rangi ya zabibu kwenye kioo cha simu inaweza kuwa rangi tatu tofauti dukani.

Ununuzi tuliufanya wiki ya pili, baada ya malipo ya awali kuingia. Hapo napenda nikae kidogo, maana ndipo wengi wanapopoteza fedha. Pazia la nyuma ya meza kuu lilikuwa na upana wa mita 6 na kimo cha mita 3. Anayeanza hununua kitambaa cha kufunika mita 6, kisha hushangaa pazia linavyoonekana kama shuka lililoanikwa. Ili marinda yajae, upana wa kitambaa unapaswa kuwa mara mbili ya upana wa pazia, yaani mita 12. Satini tuliyoichagua ilikuwa na upana wa mita 1.5, kwa hiyo tulihitaji vipande 8. Kila kipande kilikatwa mita 3.4, ambapo mita 3 ni za kimo na zilizobaki ni za upindo wa juu unaopitisha bomba na upindo wa chini. Jumla ni mita 27.2, nasi tukanunua 28.

Mita hizo 28 zinunue siku moja, duka moja na, ikiwezekana, kutoka jora moja. Majora ya rangi yenye jina moja hutofautiana, na tofauti hiyo haionekani chini ya taa ya duka bali hujitokeza vipande viwili vinaposhonwa pamoja. Yamewahi kunikuta: nilipungukiwa mita 4, nikaagiza nyingine baada ya siku kumi, na katikati ya pazia ukaonekana mstari kana kwamba kuna mlango. Toa kitambaa nje ya duka, ukitazame juani, kisha ndipo ulipe.

Vitambaa vya mapambo tunavinunua Kariakoo, kwa sababu uchaguzi ni mpana na bei ya jora ni nafuu kuliko ya mita. Treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, imerahisisha sana safari ya mtu, lakini mzigo wa majora mimi huutuma kwa gari la mizigo na kuupangia siku tatu za kufika hata kama mwenye gari ameniahidi moja. Pini, uzi, riboni na gundi vinapatikana Majengo na Sabasaba, kwa hiyo usivipangie safari.

Wiki ya tatu na ya nne zilikuwa za fundi cherehani, na sina mengi ya kusema juu yake isipokuwa kwamba yeye naye ana harusi nyingine. Mpe tarehe iliyo wiki moja kabla ya ile unayoihitaji, na upite kwake katikati ya kazi kuhesabu vilivyokamilika.

Wiki ya tano tulisimamisha fremu ya mabomba uani kwangu, tukatundika pazia lote na kuwasha taa zote kwa saa nzima. Mafundi wangu waliona ni usumbufu. Hata hivyo, siku hiyo tuligundua kwamba upindo wa juu katika vipande viwili ulikuwa mwembamba na bomba halikupita, na kwamba waya mmoja wa taa ulizimika nusu baada ya kupata joto. Makosa hayo mawili yangeweza kutula saa moja na nusu kati ya zile tisa. Siku hiyohiyo tulijaribu tao la mlangoni, ambalo lingesimama nje. Agosti ni msimu wa upepo hapa kwetu, na upepo wa mchana wa Dodoma haujali kwamba tao limepambwa vizuri. Lilianguka mara mbili. Tulipofunga kila mguu kwenye ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga mkavu, ambayo huwa na uzito wa takriban kilo 30, lilitulia, na ndoo tukazivika kitambaa. Vitambaa vya tao pia tulivipunguza na kuacha nafasi katikati, kwa kuwa kitambaa kilichozibwa pande zote hushika upepo kama tanga.

Wiki ya mwisho ina kazi mbili zinazodharauliwa. Ya kwanza ni pasi. Vifuniko vya viti 250, kwa dakika tatu kila kimoja, ni dakika 750, yaani saa kumi na mbili na nusu za mtu mmoja. Tulizigawa kwa watu wawili, Jumanne na Jumatano, wala si Ijumaa usiku, kwani Ijumaa usiku umeme ukikatika huna pa kukimbilia. Vilivyopigwa pasi hukunjwa kumi kumi na kufungwa kwa riboni, ili kuhesabu kuwe rahisi wakati wa kwenda na wa kurudi.

Kazi ya pili ni maua. Waridi zilitoka Arusha kwa basi lipitalo Babati na Kondoa, na tulizipokea Alhamisi jioni. Ukizipokea Jumamosi asubuhi zitakuwa bado zina kiu, na hewa kavu ya hapa itaziinamisha vichwa kabla maharusi hawajaingia. Tulikata sentimita mbili au tatu za kila shina kwa mshazari, tukaondoa majani yote ambayo yangezama, kisha tukazisimamisha katika ndoo za maji mengi, chumbani penye giza na ubaridi. Sponji ya maua iache ielee juu ya maji na ijizamie yenyewe. Ukiisukuma kwa mkono, katikati hubaki pakavu, na shina lililochomwa hapo halinywi kitu.

Jumamosi tulikuwa watu sita. Tulianza na dari kwa sababu vumbi lake huanguka juu ya kila kilicho chini, na watu watatu walilimaliza saa tatu asubuhi. Wale watatu wengine walisimamisha fremu na pazia. Viti vilifuata: kifuniko na riboni ni dakika mbili kwa kiti, hivyo watu watatu huhitaji karibu saa tatu kwa viti 250, wakati wengine wanapanga meza. Maua yaliwekwa mezani saa nane mchana, na ngazi ya mwisho ilitoka saa tisa kasoro dakika kumi. Mtu wa muziki alikuwa amekwisha kuingiza spika zake saa sita, kama kawaida yao, akaziweka palepale pa kusimamisha ngazi. Andaa maneno ya upole mapema.

Sasa nirudi kwenye ule ukurasa wa mwisho. Sherehe iliisha saa sita usiku, na watu wanne niliokuwa nimewalipa kwa ajili ya kubomoa walifika saa tano, kwa sababu waliopamba tangu alfajiri huvunja vitu usiku. Kwanza tuliondoa vyombo vya kioo na mishumaa, kisha vifuniko vya viti kabla wahudumu hawajaanza kurundika viti. Pazia lilikuwa la mwisho, kwani watu hupiga picha mpaka taa zizimwe. Mshereheshaji tulikuwa tumemwomba atangaze kwamba maua ya mezani ni ya wageni lakini vyombo si vyao, na tulipoteza chombo kimoja tu. Kirikuu liliondoka saa nane na robo usiku.

Kila kitambaa kilichomwagikiwa soda au kulowa kiliingia kwenye mfuko wake peke yake. Mwaka mmoja niliwahi kuvifunga vibichi pamoja na vikavu, nikavifungua Jumanne, na ukungu ulikuwa umeandika madoa meusi kwenye vitambaa 14 ambayo hayakutoka tena. Safari hii tulifua Jumapili kwa maji baridi, tukaanika kivulini kwa kuwa jua letu huchujua rangi. Nta iliyomwagika tuliiacha igande, tukaikwangua kwa upande butu wa kisu, kisha tukapitisha pasi ya moto mdogo juu ya karatasi. Jumatatu asubuhi nilirudisha stendi za kukodi kabla ya saa nne, ambayo faini ingeanza, na nikahesabu mafungu: vifuniko 247 kati ya 250. Viwili vilipatikana kwenye rundo la viti vya ukumbi. Kimoja nilikilipia.