Daftari la nafasi ndani ya lundo: ushauri kwa anayeanza kuandika algoriti za grafu

Lundo lililobuniwa na J. W. J. Williams mwaka 1964 lilikusudiwa kupanga namba, na katika kazi hiyo hakuna anayehitaji kujua kipengele fulani kimekaa wapi katikati ya safu. Kinachotakiwa ni kilicho kileleni tu. Algoriti ya Dijkstra, inayotafuta njia fupi zaidi kutoka nodi moja, inadai zaidi. Nodi ikiwa tayari imo ndani ya lundo na umbali wake ni 10, na mara ikapatikana njia ya umbali wa 5, ni lazima uifikie nodi hiyo pale ilipo, uupunguze ufunguo wake, yaani umbali huo, na kuipandisha. Bila kujua ilipo utalazimika kukagua safu nzima kila mara, na kasi uliyoifuata kwenye lundo itakuwa imepotea.

Ndiyo maana tunaweka safu tatu. `heap` hubeba namba za nodi, `dist` hubeba umbali wa kila nodi, na `pos`, ambayo mimi huiita daftari la nafasi, hueleza kila nodi iko katika nafasi ya ngapi ndani ya `heap`.

Ili uone jinsi daftari hilo linavyochakaa upesi, chukua grafu ndogo. Kutoka nodi 0 kuna viungo vinne: kwenda 1 kwa uzito 10, kwenda 2 kwa uzito 3, kwenda 3 kwa uzito 8 na kwenda 4 kwa uzito 9. Tena kuna kiungo cha kutoka 2 kwenda 1 chenye uzito 2, na cha kutoka 1 kwenda 3 chenye uzito 1. Baada ya kuitoa 0 na kuziingiza jirani zake kwa mfuatano huo, safu inakuwa `[2, 4, 3, 1]`. Ukiitoa 2, nodi ya mwisho, yaani 1, inahamishiwa kileleni kisha inashuka, na safu inabaki `[3, 4, 1]`. Sasa fuatilia nodi 1 peke yake: ilianza nafasi ya 0, ikasukumwa hadi 1, kisha 3, ikarudishwa 0, ikashuka hadi 2, na hatujaigusa kwa makusudi hata mara moja. Kila uhamisho huo ulipaswa kuandikwa, kwa hiyo naomba uhamishaji wote wa kupanda na kushuka upitie mahali pamoja tu:

```python
def badilisha(i, j):
    heap[i], heap[j] = heap[j], heap[i]
    pos[heap[i]] = i
    pos[heap[j]] = j
```

Kuingiza nodi mpya mwishoni na kuipeleka nodi ya mwisho kileleni ndizo sehemu nyingine mbili zinazopaswa kuandika `pos`.

Kosa lililonipotezea siku mbili nilipokuwa mgeni lilikuwa kuandika nafasi ya nodi inayopanda na kuisahau inayoshuka. Katika grafu yetu, daftari lingeshikilia kwamba 1 iko nafasi ya 0, ilhali iko ya 2. Umbali wake unaposhuka kutoka 10 hadi 5, programu inajaribu kupandisha kilichoko nafasi ya 0, inaona kiko kileleni tayari, na inanyamaza. Nodi 3 inatolewa kwanza na kufungwa kwa umbali wa 8, ingawa umbali wake halisi ni 6 kupitia 1. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Jibu tu ndilo lisilo sahihi.

Dalili yake, hata hivyo, inaonekana ukijua pa kutazama. Uzito wote usipokuwa hasi, umbali wa nodi zinazotolewa haupaswi kurudi nyuma kamwe. Programu isiyo na kosa hapa ingetoa 0, 3, 5, 6, 9. Yenye kosa inatoa 0, 3, 8, 5, 9. Kushuka huko kutoka 8 hadi 5 kunatosha kukuambia kwamba mpangilio wa lundo umevunjika. Wakati wa majaribio, ongeza pia ukaguzi huu baada ya kila operesheni, kisha uuondoe, kwa kuwa unapita safu nzima:

```python
assert all(pos[v] == i for i, v in enumerate(heap))
```

Jambo dogo kwa wanaotumia Python: nodi isiyomo ndani ya lundo iandikie `None` badala ya -1, kwa sababu `heap[-1]` ni kipengele cha mwisho na husomwa bila malalamiko yoyote.

Moduli ya `heapq` haina operesheni ya kupunguza ufunguo, na wengi huingiza nakala mpya ya nodi kisha hupuuza iliyopitwa na wakati inapotolewa. Kwa grafu yenye viungo vichache nami hufanya hivyo bila wasiwasi. Tofauti iko kwenye kumbukumbu: lundo lenye daftari halizidi idadi ya nodi, ilhali lile la nakala linaweza kukua kuelekea idadi ya viungo, na katika grafu ya nodi 2,000 ambayo kila moja imeungana na zote, viungo vya kwenda na kurudi vinakaribia milioni 4.