Anauza feki, sasa anaapa ni orijino

"Mdogo wangu anauza viatu Kongowea. Mwanzo alijua ni feki, siku hizi anatuapia hata nyumbani ni orijino. Anatudanganya?"

Huenda hadanganyi, dada, ameshajiaminisha. Anayesema ni tamaa ya pesa amepatia nusu tu, kwa sababu pesa nyingi humwondolea mtu haja ya kujiaminisha. Mwaka 1959, wanasaikolojia Festinger na Carlsmith waliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kazi ya kuchosha ya saa nzima, ikiwemo kugeuza vigingi, kisha wakawaomba wamwambie anayefuata kuwa kazi inafurahisha. Wengine walilipwa dola 1, wengine 20. Walipoulizwa baadaye, wa dola 1 ndio walioisifu zaidi. Wa 20 walijua wamesema uongo kwa pesa. Wa 1 hawakuwa na kisingizio hicho, basi wakabadili walichoamini.

Mdogo wako akipata shilingi 50 kwa jozi, yuko na hao wa dola 1. Mbane mkiwa wawili: anayejua atacheka, aliyeamini atakuonyesha soli na mshono kwa hasira. Ila kama tajiri wake humlazimisha kusema hivyo, hesabu hubadilika, maana aliyelazimishwa tayari ana kisingizio, hahitaji kujiaminisha. Analazimishwa?