Silabasi ya Takwimu ya Mwaka wa Kwanza: Asilimia Ulizoandika Sizo Wanazopimwa Nazo

Mhadhiri kijana wa upande wa Mbale ameniandikia. Amekabidhiwa kozi ya utangulizi wa takwimu, ameambiwa alete silabasi mpya kabla ya muhula kufunguliwa, na swali lake ni moja: "Mwalimu, alama za muhula niweke 40 na mtihani 60, au 30 kwa 70? Na nadharia iwe nusu ya saa zote?"

Ndugu yangu, swali lako nimelijibu mara nyingi kwenye korido, sasa nalijibu hapa ili nipumzike. Bishaneni kuhusu 40 na 60 mtakavyo. Asilimia iliyoandikwa kwenye silabasi ni ahadi tu. Uzito wenyewe wa kila sehemu unajulikana alama zikishaingia, na sisi walimu wa takwimu, tunaofundisha watu kupima mtawanyiko, ndio hatuupimi mtawanyiko wa alama zetu wenyewe.

Kozi niliyoirithi ilikuwa ya krediti 3, yaani saa 45 kwa muhula wa wiki 15. Kwenye karatasi ilipendeza: alama za muhula 40, nusu yake zikitoka kwenye kazi ya kikundi ya "vitendo", na mtihani 60. Kazi ya kikundi ilifanywa na watu wanane, wawili wakiifanya na sita wakiandika majina. Kila kikundi kilipata 16, 17 au 18 kati ya 20. Jaribio la darasani nalo lilikuwa la maswali yale yale ya miaka yote, yanayouzwa kwenye vibanda vya fotokopi.

Niliomba alama za darasa la mwaka uliotangulia nikaziweka kwenye kompyuta. Tarakimu nazizungusha kidogo ili hesabu iwe nyepesi. Alama za muhula, kati ya 40, zilikuwa na wastani wa 35 na mkengeuko sanifu wa 2. Mtihani, kati ya 60, ulikuwa na mkengeuko sanifu wa 10. Uhusiano kati ya alama hizo mbili ulikuwa 0.3. Sasa mraba wa mkengeuko wa jumla ni 4 ya muhula, 100 ya mtihani, na 12 inayotokana na alama hizo kupanda na kushuka pamoja (mara mbili ya 0.3 × 2 × 10). Jumla ni 116. Ile 12 ukiigawa sawa, muhula unabaki na 10 kati ya 116. Hiyo ni chini ya asilimia 9. Ndiyo kusema, katika kuamua nani yuko juu na nani yuko chini, ile "40" ilikuwa 9, na mtihani wa nadharia ulikuwa 91.

Hutahitaji hata kuandika hesabu hiyo kwa mkono. Kwenye programu ya takwimu ya R, ukiwa na safu ya alama za muhula na safu ya jumla, ni mstari mmoja:

```r
cov(muhula, jumla) / var(jumla)
```

Lakini ngoja, kuna upande wa pili, na huu ndio uliofanya wazee wa idara waninunie. Alama zilizorundikana juu hazipangi wanafunzi, ila zinawabeba. Mwenye 35 za muhula anahitaji 15 tu kati ya 60 kwenye mtihani ili afikishe 50 na kufaulu. Robo ya mtihani! Tulikuwa na wanafunzi waliofaulu takwimu bila kujua wastani wa sampuli unatofautianaje na wastani wa watu wote. Kwa hiyo kozi ile ile ilikuwa na kasoro mbili zinazovutana: kwa wanaogombea daraja la kwanza, vitendo havikuhesabika kabisa, kwa wanaogombea kukwepa riteki, vitendo vilikuwa kila kitu.

Nilipolieleza hili kwenye kikao, mzee mmoja ninayemheshimu hadi leo alisema mbele ya wote kwamba mimi ni fundi wa kompyuta niliyepotea njia, na kwamba nataka watoto wa watu wafeli. Maneno hayo sijayasahau. Sasa hivi idara inadai kila kozi ije na ule mstari mmoja wa R kabla alama hazijapelekwa mbele. Sisemi zaidi.

Turudi kwenye kazi. Nilianza na kazi ya kikundi. Sikuifuta, kwa sababu darasa la watu 180 huwezi kusahihisha miradi 180. Nilichofanya ni kuigawa alama zake. Ripoti ya kikundi ina alama 5. Alama 15 zinatoka kwenye karatasi ya nusu saa ambayo kila mtu anaandika peke yake, na mbele yake kuna matokeo ya kikundi chake yaliyochapishwa. Maswali ni ya kawaida: sampuli yenu mliipataje, kwa nini mstari huu una nyota, ukiongeza sampuli mara nne mkengeuko wa wastani utakuwaje. Aliyeshiriki anajibu akitabasamu. Aliyeandika jina tu anaonekana dakika ya tano, anatazama dari.

Kisha mtihani wenyewe. Hapa wengi hukwama kwa sababu maabara ina kompyuta 40 na umeme una tabia zake, hivyo wanaamua kwamba mtihani lazima uwe wa nadharia na kanuni za kukariri. Si kweli. Vitendo vinaweza kupimwa kwa karatasi na kalamu, ukimpa mwanafunzi kile ambacho kompyuta ingemwonyesha. Swali langu ninalolipenda ni la chapati. Mwanafunzi amenunua chapati 25 kwa muuza roleksi wa getini, asubuhi moja, akazipima. Wastani ni gramu 92, mkengeuko sanifu gramu 15. R inatoa hivi:

```
95 percent confidence interval:
 85.8083 98.1917
```

Sehemu ya kwanza, alama 2: onyesha masafa hayo yametoka wapi. Ni 92 kutoa na kujumlisha 2.064 mara 15 gawanya kwa 5, basi. Hiyo ndiyo nadharia, na inamtosha aliyekariri. Sehemu ya pili, alama 4: mwenzako anasema asilimia 95 ya chapati zina uzito kati ya gramu 86 na 98, mjibu. Hapo ndipo darasa linagawanyika. Masafa yale yanahusu wastani, hayahusu chapati moja moja. Kama uzito umetawanyika kwa umbo la kengele, asilimia 95 ya chapati zingekuwa takribani kati ya gramu 62 na 122, na aliyewahi kupima chapati kwa mkono wake anajua kwamba zinatofautiana kiasi hicho. Sehemu ya tatu, alama 4: je, tunaweza kusema lolote kuhusu chapati za mji mzima? Mpishi mmoja, kinyunga kimoja, asubuhi moja. Kanuni haina habari na hilo, ni lazima mwanafunzi aseme mwenyewe.

Angalia mgawanyo: swali moja la alama 10, kukokotoa ni 2 tu. Ukiandika kwenye silabasi kwamba unajenga uelewa halafu ukokotoaji ukabeba 8 kati ya 10, wanafunzi watasoma karatasi za zamani, hawatasoma silabasi yako. Na watakuwa na haki.

Kuhusu saa. Wenzetu wa Chama cha Takwimu cha Marekani katika mwongozo wao wa GAISE, uliorekebishwa 2016, wanahimiza data halisi, teknolojia na uelewa wa dhana. Mimi nilipousoma niliona hauniambii nini nikate, na kukata ndiko kugumu. Nilikata uwezekano. Silabasi ya zamani iliupa wiki tano, mipira myekundu na myeusi mpaka watu wakachoka. Nikauacha na wiki mbili. Wiki nilizookoa, nyingi nilizipeleka kwenye jambo lililokuwa likipewa mhadhara mmoja: jinsi wastani unavyobadilika kutoka sampuli hadi sampuli. Asiyelielewa hilo, masafa ya uhakika na upimaji wa nadharia tete kwake ni uganga.

Tunaanza bila umeme. Vikundi vyote vinapima chapati za vibanda mbalimbali, tunapata uzito 300, tunaandika kwenye vikaratasi, tunavitia kwenye beseni. Kila mtu anachota vitano, anatafuta wastani, anachora alama ubaoni. Lundo linajitengeneza mbele ya macho yao. Siku inayofuata, maabarani, data ile ile:

```r
wastani <- replicate(1000, mean(sample(uzito, 25, replace = TRUE)))
hist(wastani)
sd(wastani)
```

Mkengeuko wa uzito wote ukiwa 15, jibu la mwisho linakuja karibu na 3. Kanuni ya 15 gawanya kwa mzizi wa 25 naiandika baadaye, na wao ndio wanaoniambia ni kweli. Data za UBOS, ofisi ya takwimu ya Uganda, nazichelewesha hadi wiki ya 12, kwa sababu sampuli zao za kitaifa zina matabaka, vishada na uzani, na mwanafunzi atakayezitendea kama chapati za beseni mara nyingi atapata mkengeuko wa wastani ulio mdogo kuliko ukweli.

Jambo la kikanuni usilisahau: kwenye hesabu ya krediti tunayotumia, saa mbili za maabara huhesabiwa saa moja. Mimi nina saa 30 za mihadhara na 30 za maabara, zinatoa 45. Ukiandika 45 za mihadhara kisha ukaahidi maabara juu yake, hutapewa chumba, na kosa litakuwa lako.

Baada ya mabadiliko haya, wastani wa muhula ulishuka hadi 26, mkengeuko wake ukapanda hadi 6. Mkengeuko wa mtihani ukawa 9, na uhusiano 0.5. Piga mwenyewe: muhula una 63 kati ya 171, karibu asilimia 37. Walioandikiwa 40 walipimwa kwa 37. Na mwenye wastani wa darasa sasa anahitaji 24 kwenye mtihani, si 15. Riteki ziliongezeka mwaka ule, sifichi, na ofisi moja iliniita nijieleze. Nilikwenda na karatasi mbili za mahesabu, ya kabla na ya baada.

Usiikimbilie asilimia hii kama shabaha, lakini. Kama lengo la zoezi fulani ni kila mtu awe na ujuzi ule, mathalani kusafisha data kabla ya kuichambua, wote wakipata 9 kati ya 10 umefaulu, na mtawanyiko kuwa mdogo si dhambi. Zoezi la namna hiyo lipe alama chache, au liwe sharti la kuingia kwenye mtihani. Pia kozi yangu ni ya wanafunzi wa biashara, kilimo na elimu. Wako wakiwa wanakwenda kusomea bima, uwezekano wa wiki mbili hautawatosha hata kidogo; hakikisha kuna kozi nyingine inayoubeba kabla hujaukata.

Niletee alama za mwaka jana, bila majina, safu tatu zinatosha. Tukishajua 40 ya kwenu ni ngapi kwa kweli, ndipo tutaandika wiki ya kwanza.