Vivuli vya vipande vinavyoelea

"Wakuu, nafumua hedifoni za blututhi kwenye programu ya 3D ya Blender kwa picha ya uzinduzi. Vipande vinaelea vizuri, ila vivuli vimerundikana sakafuni kama madoa. Nifanyeje?"

Taa zako bila shaka ni nyingi na ndogo. Kila taa inatupa kivuli chake, na taa ndogo hukifanya kiwe na kingo kali. Bakiza taa moja ya Area juu, ipanue hadi iuzidi msururu mzima wa vipande, na zile za pembeni zififishe sana. Kisha chagua skrubu, betri na ubao wa saketi, nenda Object > Visibility > Ray Visibility, uondoe alama kwenye Shadow huku umeshikilia Alt, ili iondoke kwa vyote ulivyochagua. Kava na mto wa sikio viache, kivuli chao kinatosha. Usizime kila kitu, maana vipande havitatiana kivuli na vitaonekana vimebandikwa.

— Mimi nazima vyote, kivuli nachora baadaye.
— Inawezekana kwa picha moja. Vikianza kusogea kwenye video, utachora mpaka lini?
— Zangu upande mmoja hausikiki, nikizifumua hivi nitaona tatizo?
— Ndugu, hizi ni za kwenye kompyuta!